Mstari wa Tatu

Mie na mzee niliyekuwa nashirikiana naye meza ya ufundi wa vifaa vya umeme pale Mtoni hatukupendana, na sioni sababu ya kupaka rangi. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba huku anatazama pembeni, basi, salamu imeisha, vita imeanza. Kwake yeye mwanamke kushika solda ni mchezo. Kwangu mie, yeye alikuwa mtu anayejiona kazaliwa na mita ya kupimia umeme mkononi.

Siku moja alinipigia simu mama mmoja wa Chanika, mteja wangu. Mjusi kaingia kwenye mashine yake ya kutotolesha vifaranga, kapiga shoti, ubao wake wa umeme umeungua na mashine imezima. Mayai yalikuwa siku ya kumi na nane, bado tatu tu yaanguliwe. Kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kideri, na hayo mayai ndiyo mbegu pekee iliyobaki.

"Mwanangu, yanapoa," alisema. "Fanya upesi."

Jirani yake alijua kuchomelea vifaa vya umeme kwa solda, ila kusoma vifaa hajui. Tukakubaliana atume picha ya ubao, mie nisome maandishi na rangi za vifaa, nitambue vilivyoungua, ninunue, nimpe bodaboda apeleke. Picha ikaja, imepigwa ndani chini ya balbu, kila kitu cha njano kama pilau.

Mzee akachungulia simu yangu bila kuombwa. "Hicho cha kioo chenye mstari mweusi ni dayodi ya kawaida, ya kupitisha umeme upande mmoja tu. Umbo tu linatosha. Ninazo kopo zima."

Nikavuta picha ikawa kubwa. Pembeni ya kile kioo ubao umeandikwa ZD1, na kwenye kioo chenyewe, kwa mbali, 5V1. "Hii ni zena, mzee. Inazuia umeme usizidi volti tano. Tukiweka yako ya kawaida, umeme unapanda na ubongo wa mashine unaungua. Umbo limefanana, maandishi hayajafanana. Au miwani umesahau nyumbani?"

Wateja wawili wakacheka. Mzee akasukuma kopo lake chini ya meza, na mie, Mungu anisamehe, nilisikia raha mpaka kwenye kucha.

Kilibaki kirezista kimoja kilichoungua nusu, kile kidude cha kupunguza umeme ambacho kipimo chake husomwa kwa mistari ya rangi. Nikasoma kwa sauti ili wale wateja wasikie: "Kahawia, nyeusi, nyekundu. Kilo moja, yaani omu elfu moja."

"Huo mstari wa tatu ni wa chungwa," mzee akasema taratibu. "Kilo kumi. Mwambie akipige picha nje, juani. Mwanga wa balbu unadanganya, na hicho kimeungua."

Alisema kweli, na hata mie nilikuwa nawaambiaga wateja hivyo hivyo. Kupiga picha nyingine ni dakika mbili. Lakini kumtii mtu niliyetoka kumnyamazisha mbele za watu? Thubutu! "Mayai yanapoa, mzee. Sina muda wa kubahatisha na wewe." Nikafunga vifaa kwenye karatasi, bodaboda akaondoka.

Mchana mama akapiga simu, furaha tupu. Mashine imewaka, taa nyekundu ya joto imewaka, ndani kuna vuguvugu. Nikamwambia kwa sauti ya daktari bingwa: "Sasa usiifungue mpaka jioni, mama. Ukifungua unapoteza joto." Akaahidi.

Ule ubao hauna kioo cha namba cha kuonyesha joto limefika ngapi, una taa mbili tu. Kirezista kile ndicho kinachosaidiana na kihisi kupima joto. Kwa kilo moja badala ya kumi, mashine iliona baridi kali muda wote, ikazidi kuchochea. Kwa hiyo mama akakaa nje ya mlango akilinda mashine isifunguliwe, na mashine ikampikia mayai.

Kesho yake alikuja mwenyewe na ndoo. Nilimwamkia, hakuitikia. Alitoa yai moja akalimenya juu ya meza yangu, taratibu, ganda kwa ganda. Ndani kulikuwa na kifaranga kamili, mdomo, kucha, manyoya yamelala kama yamechanwa.

"Haya, fundi," alisema. "Na huyu msomee rangi."

Nilisema samahani, mama, nimekosa mie, si mashine. Nilirudia mara ngapi sijui. Nikamgeukia mzee, nikitaka walau anitukane ili nipate cha kujibu. Alikuwa ameshika simu yangu, anatazama picha nyingine ambayo mama alituma usiku wa kuamkia siku hiyo nami sikuwa nimeifungua, ya kirezista kile kibovu. Mama alikuwa amekipiga picha mchana kikiwa juu ya kiganja chake, juani, kabla jirani hajakitupa, akidhani huenda nitakihitaji.

Mstari wa tatu ulikuwa wa chungwa, hata kipofu angeuona. Mzee akaniwekea simu mbele ya yule kifaranga, akaendelea na kazi yake.