Dazeni Moja, Bila Mali Kauli

Kwenye picha ya duka letu tajiri wangu amesimama kando ya ubao wa bei, suti imembana kifuani, na bega lake la kushoto limefunika bei ya majagi. Chini kuna karatasi nyembamba iliyobandikwa kwa gundi. Maneno yaliyomo niliyapiga chapa mimi, na ndiyo yaliyotaka kunipotezea kazi.

Nilikuwa karani wa chapa kwenye ushirika wa pamba hapa Bariadi, zamani kabla hatujaitwa mkoa wa Simiyu. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, wakulima wakawakimbilia, ofisi yetu ikapunguza watu hadi ikabaki na mlinzi. Niliondoka na barua ya shukrani na taipureta kuukuu niliyouziwa kwa bei ya kutupa. Herufi "r" ilikuwa inaruka juu kidogo, kana kwamba imeshtuka.

Mwajiri wangu mpya aliacha udereva wa basi akafungua duka la jumla la vyombo vya plastiki: mabeseni, ndoo, majagi, vikombe. Baada ya miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, watu walikuwa wanaingia dukani kwake kushangaa rangi tu. Wenye vimeza vyao minadani walikuja kutoka Nkoma, Sapiwi na Nkololo, wakauliza bei, wakarudi kwao kutafuta hela. Wakirudi, bei imepanda. Ugomvi kila siku.

"Tupige picha ubao," tajiri akasema. "Waione bei wakiwa kwao. Na wewe uandike masharti hapo chini."

Mpiga picha alikuja na kamera yenye filamu ya picha thelathini na sita. Sisi tulitumia moja tu. Akakataa kuipeleka filamu Mwanza kusafishwa mpaka iishe, kwa hiyo tukasubiri harusi mbili na ubatizo mmoja. Nakala kumi na mbili zilipofika ndipo tulipoliona bega.

"Kwa nini hukuniambia nisogee?" tajiri akamuuliza.

"Ulisema nisiharibu sura, mzee. Sura iko vizuri."

Ilikuwa kweli, sura ilikuwa vizuri sana. Basi masharti yakaongezeka sentensi moja: bei ya jagi ni sawa na ya ndoo ndogo. Karatasi ya kubandika ilikuwa na nafasi ya mistari minne tu. Tajiri alinisomea maelezo marefu akitembea huku na huko, nami nikapunguza hapa na pale, nikajiona hodari. Nilipomaliza, ilisomeka hivi:

"Bei ya jumla kwa wauzaji. Kuanzia dazeni moja. Jagi bei sawa na ndoo ndogo. Malipo taslimu kabla ya kupakia. Hakuna mali kauli. Usafiri juu ya mnunuzi."

Tajiri alikuwa amesema "dazeni moja, aina moja". Niliyatoa maneno mawili, "aina moja", ili jagi lipate nafasi. Nilidhani kila mtu anajua.

Picha kadhaa zikaenda vijijini kwa makondakta wa mabasi. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya mnada, akaingia mwanamke mnene kutoka Nkololo na wenzake watatu. Alikuwa na kicheko kinachotangulia maneno. Akafungua fundo la khanga, akatoa picha yetu, akaiweka juu ya kaunta.

"Mwangaluka," akatusalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibu," nikajibu, nikimwita mama.

"Nataka dazeni moja. Mabeseni manne, ndoo tatu, majagi mawili, vikombe vitatu. Hesabu."

Nilihesabu kwa vidole chini ya kaunta. Kumi na mbili. Tajiri akatoka nyuma ya pazia.

"Mayu, dazeni ni ya kitu kimoja. Mabeseni kumi na mawili, au ndoo kumi na mbili. Hivi unavyochanganya ni rejareja."

"Imeandikwa wapi?"

"Hapo."

"Mimi sijui kusoma vizuri. Binti, tusomee."

Nikasoma polepole, nikitumaini kwamba yale maneno mawili yangejirudisha yenyewe. Hayakujirudisha. Tajiri akanitazama.

"Nilikosea mimi," nikasema. "Nafasi ilikuwa ndogo."

"Nafasi ilikuwa ndogo kwa sababu ya nani?" akauliza yule mama, na kidole chake kikatua juu ya lile bega. Wenzake wakaangua kicheko.

Tajiri hakucheka. Alimweleza shida yake kwa utulivu, na alikuwa na haki. Mzigo ulimfikia katika mabunda ya vitu kumi na viwili, rangi zimechanganywa kiwandani. Akikata kamba ya bunda kwa ajili ya mabeseni manne mekundu, yanabaki manane, mengi ya rangi ya matope ambayo hakuna ayatakaye. Hayo atamuuzia nani kwa jumla? Ndiyo maana ya kuanzia dazeni.

Mama akasikiliza hadi mwisho. "Nimekuelewa, baba. Lakini nimelipa nauli kwa maneno yako, na sura yako ndiyo imesimama hapo kama shahidi."

Tajiri akaitazama sura yake kwa muda. Kisha akachukua kisu akakata kamba, bunda baada ya bunda, manne.

"Leo tu," akasema. "Na rangi nachagua mimi."

"Mawili mekundu, mawili utakayo."

"Sawa."

Vitu vilipopangwa, mama akalegeza sauti. "Sasa nilipe nusu. Nyingine nitaleta watu wakilipwa pamba."

Uso wa tajiri ukang'aa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Binti, msomee ule mstari wa kukopa."

"Hakuna mali kauli," nikasoma, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama alicheka mpaka akashika kaunta. Akafungua fundo la pili, ambalo hatukuwa tumeliona, akalipa zote.

Bado mabunda yaliyokatwa yalikuwa yamelala sakafuni, nami nikingoja kuambiwa nisirudi kesho. Akaingia muuzaji wa Sapiwi aliyekuwa na hela ya mabeseni matatu tu na ndoo tisa. Kabla sijafungua mdomo, tajiri akamuuzia kutoka kwenye mabaki, akamwongezea bei kidogo kwa kila kimoja. Yule bwana akalipa bila kunung'unika, maana bado ilikuwa chini ya rejareja. Mwingine wa Nkoma akafuata. Hadi jioni yalibaki mabeseni matano ya rangi ya matope na jagi moja lisilo na mfuniko.

"Andika upya," tajiri akaniambia. "Safari hii usile maneno yangu. Karatasi ikijaa, tumia mbili."

Nikabandika chini ya picha zilizobaki karatasi iliyoning'inia kama ulimi:

"Bei ya ubaoni ni kwa dazeni moja ya aina moja, rangi kama zilivyo kwenye bunda. Dazeni ya mchanganyiko inaruhusiwa, bei inazidi kidogo, na rangi tunagawana. Malipo yote taslimu kabla ya kupakia. Hakuna mali kauli, hata msimu wa pamba. Nauli na mzigo kuvunjika njiani ni juu ya mnunuzi. Bei inaweza kubadilika, uliza kondakta kabla hujasafiri."

Makondakta walilalamika kwamba wamegeuzwa ofisi, wakapewa beseni moja kila mmoja, la rangi ile ile ya matope, wakanyamaza.

Mama wa Nkololo alikuja kila baada ya mnada. Wenzake watatu wakawa saba: walichanga, wakanunua mabunda kamili kwa bei ya ubaoni, wakayagawana wenyewe pale stendi, mbele ya duka, wakigombania mekundu. Tajiri alitoka mlangoni kuwaangalia.

"Mchanganyiko wanafanya wao," akasema, "na mimi sikati hata kamba."

Mwisho wa mwezi akaniongeza mshahara, kidogo. Nilipomuuliza ni kwa ajili ya nini, akasema kwa yale maneno mawili, lakini nisirudie.