Kiatu cha Gari

Mzee Soli alikuwa fundi viatu, na tangu mguu wake wa kulia ulipokatwa juu ya goti, watu hawakuchoka kumuuliza swali moja: kiatu cha pili anampa nani? Naye hakuchoka kuwajibu kwamba anakiweka, huenda mguu ukabadili mawazo.

Kwa miaka miwili baada ya kukatwa, mkewe ndiye aliyekuwa akimwendesha, kwa gari la kuazima. Kila mwezi walikwenda soko la ngozi, mwendo wa saa nzima. Mke alibaki garini akifuma, na mzee aliingia kwa magongo yake, akanusa ngozi, akaikunja, akaigonga kwa kucha, akairudisha, akaenda kwa mwingine. Mke hakumuuliza kamwe kama amemaliza.

Kisha mke akafariki. Hilo halina maelezo mengi. Aliugua siku tisa, siku ya kumi hakuamka.

Kazi ya kuendesha ikamwangukia mkwe, mume wa binti yake wa pekee. Alikuwa mtu mwema, dereva wa lori tangu ujanani, lakini alitembea duniani kama aliyeacha sufuria motoni. Sokoni alikaa dakika kumi, akaanza kutikisa funguo. Mara mbili alimwambia mzee akae tu nyumbani, yeye atamletea ngozi. Mara ya kwanza alileta ngozi ya kufaa makochi. Mara ya pili alileta kitu ambacho mzee alikinusa kisha akakitandika mlangoni kama zulia. Wateja wakaanza kurudisha viatu. Binti akaanza kusema, kwa upole wa kuogofya, kwamba labda sasa ni wakati wa kupumzika.

Mzee alijua maana ya kupumzika. Ni kukaa kibarazani mpaka watu wakusahau ukiwa bado unapumua. Akasema atanunua gari, na ataliendesha mwenyewe.

Binti alikuwa muuguzi, na wauguzi hawakatai papo hapo; huweka masharti. Daktari aseme. Mkaguzi wa madereva aseme. Na gari likishafungwa pedali ya mafuta ya mguu wa kushoto, yeye mwenyewe aone kwa macho yake, uani kwa makenika, kabla halijagusa barabara. Asiporidhika, pedali itatolewa na dereva atakuwa mkwe. Mzee akakubali yote matatu. Daktari akasema ndiyo. Shule ya udereva ilikuwa na gari lenye pedali ya mafuta upande wa kushoto. Mzee alijifunza humo wiki tatu akiwa na raba yake kuukuu, akafaulu mtihani, akaandikiwa kwenye leseni: gia za otomatiki, mafuta kwa mguu wa kushoto.

Walipokwenda yadi ya magari, muuzaji alimsalimia mzee vizuri sana, kisha akageuka na kumweleza mkwe kila kitu. Alianza na gari refu, jeusi, la kuogopwa. Mkwe alilipenda hadi akalipapasa. Mzee alitazama kiti, kilichokuwa kimo cha kifua chake, akauliza kama linauzwa pamoja na ngazi.

La pili lilikuwa dogo, la chini. Mzee aliingia humo kama maji yanavyoingia mtaroni. Kutoka ndiko kulikohitaji watu watatu: mkwe alivuta mkono, muuzaji alisukuma mgongo, na binti alishika suruali isibaki ndani. Muuzaji, akihema, alisema gari hilo halili mafuta.

"Linakula wazee," mzee akasema.

Baada ya hapo akaacha kusikiliza sifa. Alitoa utepe wake wa kupimia mfukoni, akapima kutoka chini hadi kwenye kigoda alichozoea kukalia kazini, kwani alikuja nacho, kisha akaanza kupima viti vya magari, kimoja baada ya kingine, kwa uso wa mtu anayepima miguu ya wateja. Alitaka kiti kilicho sawa na kigoda, au kikizidi basi vidole viwili. Mlango ufunguke wazi hasa. Kizingiti kisiwe kirefu. Sakafu isiwe shimo. Muuzaji alimfuata akiwa ameshika kigoda, hajui alivyokipata.

Gari la saba lilikuwa la rangi ya uji, halina la kujivunia. Mzee alirudi kinyumenyume mpaka kiti kikamgusa, akakaa upande, uso ukitazama nje, akainamisha kichwa, akazunguka, akauingiza mguu. Goti lilipita bila kugonga popote. Akatoka. Akaingia tena. Mara ya tatu alitandika mfuko wa nailoni kwenye kiti, akazunguka kwa wepesi mpaka binti akacheka. Muuzaji akasema magongo yatakaa vizuri kule nyuma, kwenye mizigo.

"Na nikifika, nani ataniletea?"

Muuzaji akamtazama mkwe. Mkwe akatazama juu. Magongo yakapata nafasi pembeni ya kiti cha abiria, mahali ambapo mkono wa mzee ulifika.

Gari likapelekwa kwa makenika, mwanamke mmoja mnene, mkimya, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana. Alifunga pedali ndogo kushoto kwa breki, akaiunganisha kwa fito na ile pedali ya mafuta ya kawaida iliyo kulia. Mbele ya ile ya kulia aliweka kibati, isije ikaguswa kwa bahati mbaya. Akaonyesha jinsi ya kuitoa: unachomoa pini, pedali ndogo inabaki mkononi, kibati nacho kinatoka, na gari linakuwa kama mengine. Alisema maneno hayo mara mbili, na kwa Spana hiyo ilikuwa hotuba.

Wakati Spana anachomelea, mzee naye hakukaa bure. Alijifungia karakanani akashona kiatu. Kimoja tu, cha mguu wa kushoto, kwa kipande cha mwisho cha ngozi aliyoinunua siku ya mwisho alipokwenda sokoni na mkewe. Alikipa soli nene, pana, yenye ukingo uliotoka nje pande zote, imara kama meza. Ulikuwa mguu mmoja uliotegemewa kwa mafuta na breki. Aliona ni haki yake uvae kitu cha maana. Akakipaka rangi nyeusi, akaking'arisha hadi akauona uso wake kwenye pua ya kiatu.

Siku ya kuonyesha, walisimama uani kwa Spana: binti mikono kifuani, mkwe na funguo zake za lori, Spana na kitambaa chake cha grisi. Mzee, kiatu kipya mguuni, akakaa upande, akazunguka, akaingia. Hapo binti aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mzee akawasha, akatia gia, akakanyaga mafuta.

Gari likanguruma kama linalotaka kuruka, lakini halikwenda. Akaongeza. Likatetemeka, likasogea hatua moja, likachutama. Akahamia kwenye breki. Likasimama huku injini ikipiga kelele kana kwamba linakimbia. Akajaribu tena. Likaruka kama chura. Mzee akaweka gia ya kuegesha, akashusha mikono mapajani, akatulia.

Binti alikuja dirishani, akainama. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Baba, umejaribu. Basi."

Mzee alitoka mwenyewe, akachukua magongo. Alitaka kusema kwamba shuleni hakukuwa hivi. Lakini alijua jinsi maneno hayo yanavyosikika.

Mkwe, kwa kutaka kuondoa huzuni, akasema gari ni zima, ni kulizoea tu, ngoja awaonyeshe. Spana akafungua mdomo kusema habari ya pini. Mkwe alikuwa ameshakaa. Akasema kwa miaka thelathini hajaona gari la kumshinda, na makaratasi yake mwenyewe yanasema otomatiki anaruhusiwa.

Alikanyaga breki kwa mguu wa kulia, akatia gia, akaachia. Gari likatambaa lenyewe, taratibu, kwa adabu. Mkwe akatoa mkono nje kuwapungia. Mwisho wa ua kulikuwa na rundo la matairi makuukuu, na alipolikaribia alifanya alichokifanya kila siku ya maisha yake kwenye lori: mguu wa kushoto ukaenda kukanyaga klachi, kwa nguvu zote, mpaka chini.

Klachi haikuwepo. Palikuwa na mafuta.

Gari liliyavaa matairi kwa kishindo laini. Moja likapanda juu ya boneti, likazunguka polepole, likalala. Mkwe alikuwa bado ameinua mkono wa kupunga.

Binti alikimbia. Spana alikwenda kwa mwendo wake wa kawaida, akazima injini kupitia dirishani, akachomoa pini, akampa mkwe ile pedali ndogo ashike mwenyewe. Mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mzima, gari zima, isipokuwa mchubuko kwenye bampa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mguu ndio uliokwenda, yeye hakuutuma.

Mzee alifika mwisho, kwa magongo. Hakucheka, ingawa ilimgharimu. Aliinama mlangoni kutazama pedali, kama anavyotazama kiatu kinapoletwa na malalamiko: hasikilizwi mtu, kinatazamwa kilipoliwa. Na ukingoni mwa breki, upande wa kushoto, kulikuwa na alama nyeusi. Aliigusa, akainusa. Ilikuwa rangi ya viatu, tena yake.

Akatazama kiatu chake. Ukingo wa soli ulitoka nje karibu upana wa kidole, pande zote mbili. Kila alipokanyaga mafuta alikuwa akikanyaga na breki. Kila alipokanyaga breki alikuwa akigusa mafuta.

Mkwe akashuka, na mzee akaketi upande kwenye kiti cha dereva, akavua kiatu, akatoa kisu cha ngozi. Binti akauliza anafanya nini. Mzee alikata ukingo wa kulia kutoka kidoleni hadi kisiginoni, kisha wa kushoto, na vipande vilianguka chini kama maganda. Kilibaki kiatu chembamba, kibaya, kama kimetafunwa. Spana akairudisha pedali, akaweka na kibati, akalishusha tairi la kwenye boneti.

Mzee akawasha. Gari likajitoa matairini kimya. Likazunguka ua, likasimama sawasawa mbele ya miguu ya binti, likarudi nyuma, likageuka, likasimama tena. Mara tatu. Mara ya nne binti aliinua mkono.

"Inatosha, Baba. Nimeona."

Mkwe alifungua mlango wa abiria, akasema atamsindikiza mpaka nyumbani, endapo tu. Mzee akamwambia, kwa heshima zote, kwamba siku ya leo mkwe amefanya kazi ya kutosha, na lori lake linamngoja.

Spana akafungua geti. Binti akamkimbilia dirishani kumuuliza atarudi saa ngapi, na kama amechukua simu, na anakwenda wapi hasa.

"Sokoni. Nikimaliza, nimemaliza."

Akawasha taa ya kuashiria, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia. Barabara ilikuwa tupu, lakini hakuwa na haraka.