Asiulizwe Tena Habari ya Modemu

Nilipomaliza fomu foo nilipata kibarua kwa ofisi moja ya intaneti hapa Nakuru, kujibu wateja kwa chati. Mimi ni mtu wa haya, na kwa chati hakuna anayekuona uso.

Siku moja mama mwenye saiba, duka la kuuza intaneti, mtaani Bondeni alituandikia kwamba mvua ikinyesha tu, intaneti inakatika. Kila aliyemhudumia alimwambia azime modemu na kuiwasha. "Nikiambiwa hivyo tena, nahamia kampuni ingine," akaandika.

Tuliandikiana sana mpaka zamu yangu ikaisha. Kwa rekodi yake, wenzangu walikuwa wameandika tu, "Mteja mkali." Mimi nikafupisha mazungumzo hivi: "Inakatika wakati wa mvua pekee. Modemu imewashwa upya, kebo ya ndani imebadilishwa, asiulizwe tena. Fundi akague antena ya paani. Ameahidiwa simu kesho asubuhi."

Supavaiza wetu akasoma akiwa amesimama nyuma yangu. "Wee, hii ni insha? Andika mteja mkali, uende nyumbani."

"Si mkali. Amechoka kuulizwa. Sifuti."

Nilihifadhi maelezo yangu akiangalia.

Jamaa wa zamu iliyofuata aliketi kwa kiti changu nikiwa bado nakusanya vitu vyangu. Mara mama akarudi kwa chati: "Haya, mnataka nizime tena?"

Jamaa akasoma maelezo, akachapa: "Hapana, mathe. Najua ni mvua. Kesho asubuhi utapigiwa, fundi apande paa."

"Eh! Leo kuna mtu amesoma," mama akajibu. "Basi nangoja."

Nikavaa sweta yangu, nikapita mbele ya supavaiza, nikaenda nyumbani.