Moto Imezimika

Wiki sita za kwanza sikula vizuri. Simu ikilia, moyo unadunda. Isipolia, unadunda zaidi. Mwanaume wangu alikuwa analima mpunga kule Kiringye, minye nikifundisha shule ya msingi hapa Uvira, na kila Jumapili alipotoka shambani kuja kuniona nilibadilisha nguo mara tatu. Nikajiambia: haya, hii ndiyo mapenzi yenyewe.

Wiki ya saba, Jumapili, tulikaa tukala ndagala, dagaa wa ziwani. Akazitafuna na vichwa vyake, krau, krau, akanisimulia habari ya mfereji wa maji uliobomoka shambani. Nikangojea moyo udunde. Wapi! Moyo ulikaa kimya kama mwanafunzi asiyejua jibu. Jioni alipoondoka nililala mapema na simu nikaisahau jikoni. Asubuhi nikashtuka: Mungu wangu, nimeshamchoka! Na mama yake ameshanitumia kuku!

Shule ilikuwa likizo, nikakimbilia kwa yaya, dada yangu, binti wa mama mkubwa, anayeuza vitenge sokoni.

"Unamdharau?" akauliza, bila kuacha kukunja vitenge.

"Hapana."

"Akiongea unatamani anyamaze?"

"Hapana. Hata ule mfereji nataka kujua uliisha namna gani."

"Akikushika mkono unautoa?"

Nikaona haya. "Siutoi."

"Sasa ule moyo ulikuwa unadunda siku gani zaidi?"

Nikafikiri. Ulidunda zaidi siku alizokuwa hajibu, mwanzoni, kabla sijajua kwamba shambani mtandao haushiki kila saa. Tangu aliponiambia atapiga saa moja, na kweli saa moja anapiga, ukatulia. Na yule mwanaume wa kabla yake, aliyenidundisha moyo miaka miwili mizima? Yule sikujua hata siku moja kama atakuja.

"Basi weye ulikuwa unaogopa, ukaita mapenzi," yaya akasema. "Lakini usinisikie vibaya. Kutulia peke yake si mapenzi; hata jiwe limetulia. Enda ukajiangalie vizuri."

Muntu mwenye akili angeenda kujiangalia. Minye nina haraka ya kuharibu. Nilirudi nyumbani nikamwandikia mwanaume wangu barua ndefu kwenye simu, nikaifuta, nikaandika tena, nikafuta, mpaka yakabaki maneno haya: "Papa, moto imezimika. Sijui tufanye nini." Nikatuma, nikajifunika kitenge nikalia.

Jibu likaja: "Usiguse kitu. Ninakuja."

Nikasema, ona mwanaume huyu, anakuja kupigania penzi! Nililia upya, safari hii kwa kujisikia mtu muhimu.

Alifika mchana, nyusi zimejaa vumbi jekundu la barabara, mkononi kifuko cha plastiki. Hakunisalimia. Akauliza: "Iko wapi?"

"Nini?"

"Moto."

Sasa, kwetu moto ni ile ya jikoni, na moto pia ni pikipiki. Ya kwangu, ile ya kwendea shuleni, ilikuwa inazimika njiani kila juma. Akafungua kifuko: buji mpya, kile kidude cha injini kinachotoa cheche, na funguo ya kuifungia. Alikuwa ameacha maji wazi shambani kwa ajili ya buji!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona anacheka pamoja nami bila kujua anacheka nini, nikaona aibu, nikamwambia yote: moyo, kimya, woga wangu kwamba tumeisha. Akakaa juu ya bidoo, dumu la maji, akafuta uso.

"Mama, ya kwangu ilizimika wiki tatu zilizopita," akasema.

"Weye!"

"Nilikuwa nikikuja huku mikono inatetemeka kwenye usukani. Siku moja haikutetemeka. Nikafikiri, sawa, sasa niko nyumbani. Kumbe ilikuwa ugonjwa?"

Wiki tatu! Na akaendelea kula ndagala zangu kama hakuna kitu! Nilikasirika, nikamwambia angeniambia, tungeogopa pamoja. Akasema kweli, angeniambia. Aliomba samahani, na mara nikakosa cha kugombania, jambo ambalo kwangu ni gumu sana.

Nikakaa kando yake. Hakuna aliyejua hii tuliyo nayo itakuwa nini, na hakuna aliyejifanya anajua. Halafu nikamuuliza kitu ambacho yule wa kabla yake sikuwahi kumuuliza, kwa kuogopa jibu.

"Jumapili utakuja?"

"Nitakuja."

Nilimuamini palepale, mara moja, bila kuomba aape. Nikaingia jikoni nikasema naenda kusonga fufu, nikasimama huko nikilia, kwa sababu sikujua kwamba miaka hiyo yote ningeweza tu kuuliza.