Mashine Haina Shida

Miaka michache baada ya kaunti kuanza, nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ndogo ya binafsi mjini Isiolo. Fundi wa pekee. Seva yetu iliishi kwenye chumba cha mifagio, ikipumua vumbi lilelile tulilopumua sisi. Jioni niliandika hadithi, na nilikuwa na kiburi cha sentensi fupi. Sentensi fupi kuliko zote nilizoandika pale ilikaribia kumhamisha mtu.

Mtu huyo alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika wadi ya akina mama, Mborana wa makamo aliyekaa mtaa wa Chechelesi na mama yake mgonjwa. Kila usiku, alilalamika, mfumo wa rekodi unalala. Anabonyeza, kiduara kinazunguka, chai inapoa, na bado kinazunguka. Basi anaandika kwenye karatasi na kuingiza kila kitu kukipambazuka. Msimamizi wetu aliyaona yale mapengo kwenye rekodi na akaniambia nikaangalie mashine.

Nilikwenda saa nne asubuhi. Niliandika vmstat, amri ya kupima hali ya mashine, nikabonyeza, nikapata mstari mmoja wa tarakimu: prosesa imetulia, hakuna anayesubiri diski. Nikamwandikia msimamizi: "Mashine haina shida."

Nilichokuwa sijui, au nilichokuwa nimekisoma na kukisahau kwa uvivu, ni kwamba mstari wa kwanza wa vmstat hauonyeshi sasa hivi. Ni wastani tangu mashine iwashwe, na ile yetu ilikuwa haijazimwa kwa miezi. Saa moja mbaya ya kila usiku ilikuwa imeyeyuka humo kama chumvi ya vidole viwili kwenye tangi la maji.

Siku mbili baadaye muuguzi alisimama mlangoni mwangu na barua mkononi.

"Salaam aleikum," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaja na amani. "Soma."

Barua ilimtaka ajieleze ndani ya siku saba kwa nini analala kazini. Asipojieleza vizuri, atahamishiwa zahanati yetu ya mbali, Merti. Chini yake, kama ushahidi, palibandikwa maneno yangu matatu.

"Mama yangu nitamwacha na nani?" aliuliza. "Na wewe hata hujawahi kuja usiku."

"Sista, niliangalia."

"Uliangalia mchana! Mtu akikohoa usiku, wewe unampima saa sita ya mchana, unasema amepona?"

Nikakumbuka sar, programu nyingine ya kupima mashine. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameiwasha: kila dakika kumi inaandika hali ya mashine kwenye faili, na faili za wiki nzima hukaa humo. Vmstat haihifadhi chochote. Sar ndiyo yenye kumbukumbu. Nilimuuliza mfumo hulala saa ngapi. Akatoa daftari dogo mfukoni mwa koti. Alikuwa ameandika kila usiku: saa nane, saa nane na dakika tano, saa nane. Huamka karibu saa tisa na nusu.

Nilifungua faili za usiku wote saba, nikatafuta saa nane, yaani 02:00. Kimya. Prosesa imekaa bure, asilimia tisini na kitu, usiku baada ya usiku.

Aibu ninayoikumbuka zaidi ni hii: nilimgeukia na kusema, "Sista, hata hapa hakuna kitu."

Hakupiga kelele. Alifunga daftari. "Basi mimi na mtoto aliyezaliwa saa nane na robo sote tuliota," alisema, akaondoka.

Kesho yake nilikuwa nikisaga meno mbele ya kioo kilekile cha kompyuta. Niliandika amri ya kuuliza tarehe, kwa sababu tu mikono ilitaka kazi. Mashine ikajibu saa mbili asubuhi. Simu yangu ilisema saa tano. Nilitazama moja, nikatazama nyingine. Seva ilikuwa imewekwa kwenye saa ya dunia, saa tatu nyuma yetu, na hakuna aliyewahi kuiambia kwamba inaishi Isiolo. Saa nane yake ya usiku ilikuwa saa kumi na moja yetu ya alfajiri. Saa nane yetu ilikuwa kwenye faili la siku iliyotangulia, saa 23:00.

Nilifungua tena. Shida ilikuwa pale, bila hata kujificha. Saa 23:10, safu ya iowait, muda ambao prosesa inakaa bure ikingoja diski, ilikuwa asilimia sabini na moja. Saa 23:20, sabini na nne. Ikashuka baada ya 00:20, yaani saa tisa na dakika ishirini kwetu. Usiku wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Usiku saba, dakika kwa dakika, daftari la muuguzi na daftari la mashine yalikuwa yakisema jambo moja, na mimi katikati nikawabishia wote wawili.

Kwenye ratiba ya kazi za seva nilikuta mkosaji: nakala ya akiba. Kila saa 23:00 ilianza kukusanya upya picha zote za eksirei tangu hospitali ifunguliwe, pamoja na rekodi zote, kutoka diski ileile iliyohudumia wadi. Kando yake fundi wa zamani alikuwa ameandika: hakuna mtu saa hii.

Hakuna mtu! Kana kwamba mama mjamzito aliyetolewa mbali Oldonyiro kwa pikapu atasubiri kupambazuke.

Msimamizi hakutaka kusikia. "Leta maneno rahisi," alisema. "Juzi hakuna shida, leo kuna shida. Nishike lipi?"

"Mzee, keti hapa dakika tano."

Ilikuwa saa nane mchana. Niliandika vmstat 5, ili itoe mstari mpya kila sekunde tano. "Huu wa kwanza usiuangalie," nilimwambia. "Ndio ulionidanganya." Kisha nikaianzisha ile nakala kwa mkono.

Safu ya b, wale waliokwama wakingoja, ilitoka sifuri ikawa nne, ikawa tisa. Safu ya wa, ileile ya kungoja diski, ikapanda hadi sitini na kitu. Zile za si na so, zinazoonyesha kumbukumbu ya mashine ikijaa, zilibaki sifuri, kwa hiyo kumbukumbu ilitosha. Diski ndiyo iliyozidiwa. Nilimsukumia kompyuta nyingine. "Fungua faili la mgonjwa yeyote."

Alibonyeza. Kiduara kikazunguka. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama watu wote.

Kutoka mapokezi sauti ikapaa: "IT! Hii kitu imekufa! Watu wamejaa hapa!"

"Zima hiyo kitu," msimamizi alisema.

"Sista huwa hana wa kumwambia azime."

Alichukua nakala ya ile barua ya sista kwenye jalada na kuikunja mara mbili.

Nilibadilisha nakala iwe inachukua vilivyo vipya tu, polepole. Asubuhi iliyofuata nilisoma sar ya saa ileile: asilimia tatu, nne, tatu. Nikamwandikia muuguzi maelezo ya ukurasa mzima, nikatia sahihi, nakala moja kwenye faili lake la kazi. Aliyasoma akiwa amesimama, kidole kikifuata kila mstari, mpaka mwisho.

"Umeandika mengi," alisema. "Ile ya kunihamisha Merti ilikuwa maneno matatu tu."

Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya daftari lake la saa, akaenda nyumbani kumwogesha mama yake.