Mstari wa Atakayeshika Kazi

Hospitali nzima ilimwita afisa utumishi wake Mama Faili, naye jina hilo alilipokea kwa moyo mkunjufu. Alianza pale akiwa mpiga chapa, akapanda ngazi mojamoja kwa miaka ishirini na miwili, na mumewe nyumbani alizoea kumtania kwamba iko siku atadaiwa fomu ndipo apewe chai.

Kilichomchosha ni barua za likizo, maana kila mtu aliandika alivyojua mwenyewe. Dereva mmoja aliandika "Naomba kupumzika," basi, hakusema lini wala siku ngapi. Mhudumu wa mapokezi alimwaga kurasa tatu za ukoo mzima na maradhi yao, tarehe ya kurudi kazini akaisahau. Mwishowe Mama Faili aliketi akaandaa fomu ya ukurasa mmoja, yenye nafasi za kujaza, ambayo kila idara ingetoa nakala na kuitumia wakati wowote: jina kamili, namba ya mfanyakazi, aina ya likizo, siku zinazoombwa, tarehe ya kuanza na ya kurudi, namba ya simu anayopatikana. Chini aliacha nafasi ya msimamizi, na ya ofisi yake kujaza siku zilizobaki. Kwa likizo ya mwaka hakuuliza sababu. Ile ni haki ya mtu, alisema, na anayetaka kwenda kulala tu akalale. Ila mstari mmoja aliung'ang'ania: jina na sahihi ya mwenzake atakayeshika kazi.

Fomu zikaanza kuingia, safi, mpaka ikaja ya mpiga pasi wa chumba cha kufulia. Mwandiko mzuri, kila nafasi imejazwa, isipokuwa mstari ule. Akairudisha. Ikaja vilevile. Ilipokuja mara ya tatu, aliichukua mwenyewe akashuka nayo.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo, kimejaa mvuke na ngurumo za mashine. Zamu ile ilikuwa na wanawake wawili tu, mfuaji upande huu na mpiga pasi upande ule. Msimamizi wao alimvuta Mama Faili kando akamweleza kwa sauti ya chini. Miaka minne iliyopita mama yake mpiga pasi aliugua ghafla, naye binti akaruhusiwa kuondoka kazini jioni ileile. Mfuaji alifika asubuhi akakuta milima ya mashuka, wodi zote zinapiga simu, na hajui mwenzake yuko wapi. Tangu hapo hata salamu hawakupeana. Kila jambo lilipita kwa msimamizi, kama vile chumba kina nchi mbili. Kisha msimamizi akajitolea kuweka sahihi yeye, yaishe.

Mama Faili nusura ashawishike, maana ingemwondolea usumbufu. Halafu akatikisa kichwa.

"Sahihi yako ni ya kuidhinisha," alimwambia. "Pasi hutaishika wewe."

Akamwendea mpiga pasi, akamwekea fomu mezani.

"Na nikimwomba akakataa?" mpiga pasi aliuliza, macho yakiwa kwenye shuka.

"Akikataa, niletee ilivyo. Hapo kutafuta mtu ni kazi yangu na msimamizi, na likizo yako hutaikosa. Lakini mwombe kwanza."

Siku ya tatu, aliyebisha hodi ofisini hakuwa mpiga pasi. Alikuwa mfuaji, mikono bado na unyevu, ameishika fomu kwa ncha za vidole. Tarehe zilikuwa zimekatwa na nyingine kuandikwa pembeni. Alieleza kwamba wiki ile ya kwanza ana kliniki ya macho, kwa hiyo amemwambia mwenzake asogeze mbele kidogo, naye amekubali. Sahihi ilikuwepo.

Mama Faili aligeuza karatasi. Nyuma, kwa mwandiko wa mpiga pasi, kulikuwa na maelezo: nguo za chumba cha upasuaji zitangulie, pasi kubwa izimwe ikianza kunuka. Chini yake mwandiko mwingine umeuliza, "Na mapazia?" Ukajibiwa, "Yaache mpaka nirudi."

"Mimi sikukasirika kwa sababu alikwenda," mfuaji alisema bila kuulizwa. "Mama ni mama. Nilikasirika hakuniambia."

Akaaga, akatoka.

Kwa kuwa tarehe zilikatwakatwa, Mama Faili alituma fomu mpya wajaze upya, msimamizi akaidhinisha, naye akahakikisha siku zilizobaki zinatosha. Kisha akafungua ile fomu kwenye kompyuta, na chini ya mstari wa atakayeshika kazi akaongeza: "Mambo ya kukabidhi," na mistari mitano mitupu. Nakala za zamani akaagiza zisitumike tena.

Mpiga pasi alikwenda likizo, akarudi. Marafiki hawakuwa, na pengine hawatakuwa. Ila asubuhi walisalimiana, na msimamizi akaacha kupeleka ujumbe kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine.