Zamu ya Shamba la Nicolasa

Nitamsema dada yangu, Nicolasa Tarqui, na nitajisema na mimi, maana aliyevuruga mambo ni mimi.

Ana miaka thelathini na tisa. Hajaolewa, hana mtoto, na sijapata kumsikia akilalamika kwa hilo, hata siku za ugonjwa. Anafuga kondoo kumi na saba, anatengeneza jibini, anafuma. Alipokuwa binti wanaume wawili walimtaka, mmoja akimpenda kwelikweli, na wote aliwaambia hapana bila kuwatukana. Juni moja tulikuwa tukikanyaga viazi vilivyogandishwa na baridi ili tuvikaushe, miguu imekufa ganzi, akaniambia, "Zenón, mimi naishi vizuri. Mbona hamniamini?" Nikacheka. Ni kweli sikumwamini.

Huku kwetu, kwenye uwanda wa juu milimani, aliyeoa au kuolewa husemwa amekuwa mtu. Kabla ya hapo, hata uote mvi, mkutanoni unakaa pembeni na neno lako halina uzito. Uongozi wa kijiji hushikwa na wawili, mume na mke, kwa mwaka mzima. Mume huvaa poncho, joho la sufu, na mjeledi wa ngozi begani, na kutatua ugomvi wa mipaka. Mke hubeba kitambaa cha koka, yale majani tunayotafuna na kukaribishana, na kuwaongoza wanawake. Na zamu haifuati watu, inafuata mashamba. Zamu ikifika kwenye shamba lako ukashindwa kutumikia, shamba hupewa ndugu wa karibu anayeweza.

Mwaka ule zamu iliangukia shamba la marehemu mama, Isidora, ambalo Nicolasa alirithi kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Ndugu yake wa karibu ni mimi.

Tangu Agosti watu hawakuniacha. Kila nilipokwenda gulioni niliulizwa. "Dada yako atamleta nani? Au poncho atavaa mwenyewe?" Shangazi Leandra, ambaye huulizia ndoa kabla hajakuulizia afya, alinishika mkono mbele ya watu. "Akifa atafumbwa macho na nani? Na kondoo? Wewe kaka mtu unangoja nini?" Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira zote nikazielekeza kwa Nicolasa, eti ananiaibisha.

Jumatatu moja alfajiri akaja Gumercindo, mwanamume mjane wa ng'ambo ya mto, pamoja na mama yake na mjomba wake. Wakakaa, wakazungumzia mvua, wakazungumzia llama wao wa mizigo wenye upele. Kisha mjomba akafungua kitambaa cha koka akaninyooshea.

Nisijifanye mjinga. Wageni wakija alfajiri na kitambaa kipya, kila mtu kwetu anajua wamekuja kuposa. Baba akiwa hayupo, kaka ndiye hujibu, lakini kwanza anakwenda kumuuliza dada yake, hata wageni wangoje hadi mchana. Ukitafuna majani yao umekubali. Mimi sikwenda kuuliza. Nilipokea kwa mikono miwili, nikatafuna, nikijiambia nitamshawishi baadaye.

"Basi tumesikilizana, shemeji," akasema Gumercindo, uso umemng'aa.

Nicolasa nilimkuta akikamua. Nilimweleza nikiwa nimesimama mbali kidogo.

"Umetafuna?" akauliza.

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo nini? Wewe utafune, halafu mimi niolewe?"

"Gumercindo ni mtu mzuri, dada. Hanywi sana."

"Najua ni mzuri. Sina neno naye. Angekuwa mbaya ungenielewa upesi, sivyo?"

"Mkutano ni Jumapili! Utapoteza shamba!"

Alimaliza kukamua. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa koka nzuri, akakijaza kile kile kitambaa cha wageni hadi kikafura. "Rudisha wewe mwenyewe," akasema. "Siku tatu za kurudisha posa hazijapita. Waambie dada yako hakuulizwa."

Nilivuka mto nikiwa na aibu ya mtoto aliyekojoa kitandani. Mama yake Gumercindo alipima ule mzigo mkononi. "Kumbe kwenu wanaume hukubali na wanawake hukataa? Tungejua tungekuposa wewe, Zenón." Gumercindo hakucheka. Alisema tu kwamba ningemuuliza dada yangu mapema, yeye asingekata nywele kwa ajili ya posa. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Jumapili ikafika. Tulikaa uwanjani mbele ya shule, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini, na upepo ulikuwa wa barafu. Katibu akasoma mashamba. "Shamba la marehemu Isidora."

Nicolasa akasimama, peke yake.

"Mume yuko wapi?" sauti ikatoka nyuma. "Amemfunga zizini na kondoo!" Watu wakacheka.

"Sina mume na simtafuti," akasema. "Zamu yangu nitaitumikia. Desturi inataka mwanamume na mwanamke. Haijasema lazima wawe wa kitanda kimoja. Mama Martina alitumikia na mwanawe, na hakuna aliyecheka."

"Martina ni mjane," akajibu Mzee Anacleto, kiongozi anayemaliza mwaka. "Alikwisha kuwa mtu. Wewe, binti, bado."

"Nimezika mama yangu, Mzee. Nimelima kila kazi ya pamoja iliyoitwa. Kama huo si utu, niambieni utu uliobaki ni upi."

Wanawake wawili watatu waliitikia kwa sauti ya chini. Mzee Anacleto akakuna shavu. "Haya. Nani atasimama nawe?"

Hakunitazama. Na hakuwa ameniomba, hata kwa kuzunguka. Siku zote zile nilingoja aniombe ili nipate kukataa.

Mke wangu Epifania akaninong'oneza, "Tulishatumikia sisi, Zenón. Mwaka mzima mwingine?" Alikuwa na haki. Nami nilikuwa nikilifikiria shamba la mama, udongo mweusi kando ya mto, viazi vinene kama ngumi. Nilikuwa nalitaka. Nililitaka tangu mama alipoanza kuugua, nikajidanganya kwamba ninachohofia ni upweke wa dada yangu. Ingetosha nikae tu. Kukaa si kosa, hakuna ambaye angenilaumu.

"Hakuna?" Mzee akauliza. Katibu akashika kalamu.

Nikasimama. Sijui kama ni upendo au ni aibu ya yale majani. "Mimi," nikasema, na Epifania akavuta shali yake usoni.

Walibishana hadi jua likawa utosini. Mzee mmoja akamtaka Nicolasa aahidi kwamba baada ya mwaka ataolewa. Akasema hapana, hatadanganya mkutano. Mwishowe mikono ikainuliwa, tukapita kwa tofauti ya kura chache.

Tulirudi pamoja njiani. Nilikuwa nangoja shukrani, sitaficha.

"Kwa nini hukuniomba?" nikauliza.

"Ningekuomba ungekubali, halafu ungenisimanga hadi kufa."

"Na kama nisingesimama?"

"Nilishapata chumba kule mjini, kwa mwanamke anayeuza sufu. Kondoo kumi wana mnunuzi, anakuja kesho. Nitamwambia asije." Akahamisha mzigo wake begani. "Funguo za ghala la mama nilikuja nazo mkutanoni, nikupe wewe. Ungehitaji mbegu za kupanda kabla ya mvua kubwa."

Akazitoa mfukoni, akanionyesha, akazirudisha. Mimi nilisimama pale barabarani. Yeye akaendelea kutembea, kwa sababu kondoo walikuwa hawajanywa maji.